Jipiesi ikizima usiku mko nje: zile nyota tatu, wimbi la nyuma na ndege wa alfajiri

Ilikuwa katikati ya mwezi wa pili, upepo wa kaskazi umeshika kutoka kaskazini mashariki, tuko watu watatu kwenye mashua, mimi na ami yangu na kijana mmoja wa Matondoni, tumetoka mbali mashariki ya Lamu kutafuta jodari. Usiku jipiesi ikazima, simu zishaisha chaji kitambo, ami akasema injini tuizime tubane petroli twende na tanga. Mimi roho juu. Yeye akauliza tu, "Zile tatu ziko wapi?"

Zile tatu ni zile nyota zilizopangana mstari mmoja, kila mtu pwani ashaziona. Zinatoka mashariki na kuzama magharibi karibu sawasawa, na kwa vile sisi tuko nyuzi mbili tu kusini ya ikweta basi haziendi upande upande, zinapanda wima mpaka utosini halafu zinashuka wima. Ndio maana nyota moja unaweza kuifuata masaa. Wale wanaosema utafute Jaa, ile nyota ya kaskazini, sijui wameisoma wapi, ukiwa Lamu Jaa iko chini ya upeo wa bahari huioni kabisa.

Saa tano bado ziko juu sana, ukizikodolea shingo inauma na unapotea. Ngoja saa sita hivi zishuke, halafu uziweke juu ya omo, yaani mbele ya mashua, na mwezi huo zitakupeleka mpaka karibu saa nane, hapo chini kabisa ukungu wa bahari unazimeza. Kama saa tisa ule msalaba wa kusini unakuwa umesimama wima, urefu wa ngumi tatu hivi kutoka upeo ukinyoosha mkono. Teremsha macho moja kwa moja kutoka mguu wake, hapo ni kusini. Ukienda magharibi uwe mkono wako wa kushoto. Lakini ukiwa umelala upande usiuteremshe hivyo, utakudanganya.

Sasa sisi saa saba wingu likafunga kila kitu. Ami akaniambia niache kutazama juu, nikae chini ndani ya mashua nifumbe macho. Kuna mawimbi mafupi ya upepo, hayo yanapiga piga tu na upepo ukigeuka nayo yanageuka, achana nayo. Chini yake kuna lile refu la kaskazi, linakuja polepole, unahesabu mpaka nane au kumi ndio lingine lifike, na hilo limetoka mbali haligeuki kwa usiku mmoja. Tukienda magharibi linainua kwanza tezi, yaani nyuma ya mashua, upande wa kulia, halafu linapita chini yetu kwa mshazari na kutokea omo upande wa kushoto. Likianza kutusukuma sawasawa nyuma, basi tumeangukia kusini magharibi. Likitubiringisha ubavuni, tumepanda kaskazini magharibi. Nikawa naita tu, "Nyuma! Ubavu!", naye anarekebisha usukani, karibu masaa mawili mazima, makalio yote maji. Kumbuka lakini usome wimbi mapema nyota zikiwa bado zaonekana, wingu likishafunga hujui liko pembe gani utasoma nini?

Alfajiri hakuna nchi. Hapo ndio nikafanya ujinga wangu, nikaona shakwe na wale wadogo weupe wanapita na nikamwambia kijana tuwafuate, wanajua nchi. Ami akacheka. Asubuhi ndege ametoka kulala nchi kavu anakwenda baharini kula, ukimfuata wewe waenda India! Utazame anakotoka. Jioni ndio umfuate anakokwenda. Na wale wanaozunguka na kupiga mbizi mahali pamoja waache, hao wako kwenye samaki, na mmoja peke yake usimwamini. Sisi tukangoja makundi kama manne yaliyopita chini chini na moja kwa moja, yote yametokea kulia kwa omo, tukageuza huko.

Kumbe usiku mkondo ulikuwa unatuvuta. Miezi hiyo ule unaoshuka kutoka Somalia unakutana na wetu unaopanda, maji yanageuka kwenda nje, na nyota haikwambii hilo wala wimbi, kwa sababu omo inabaki magharibi vilevile huku mashua yote inabebwa. Dalili yetu ilikuwa moja tu: kwa hesabu ya ami tungekuwa tushafika.

Kwenye saa mbili asubuhi tukaona ile michanga ya Shela, hapo Lamu, inang'aa, iko kulia kwetu mbali sana, yaani tumeangukia kusini. Namshukuru Mungu haikuwa usiku, maana mwamba wa huko wimbi linauvunjikia kabla hujaona nchi, na ami alishasema hata tungesikia mvumo gizani tungeshusha tanga tungoje kuche. Upepo sasa uko usoni. Ile petroli tuliyoibana ndio ikatupandisha mpaka mlango wa kuingilia Lamu.