Mistari miwili ya kipimo cha malaria ilivyonidanganya

Juzi msomaji mmoja wa hapa Goma, mtaa wa Himbi, alinitumia posti ya Facebook akiuliza: «Kaka, hii ni kweli?» Nilipoifungua, moyo ulinipasuka. Ni ile ile niliyoituma mwenyewe kwenye grupu ya familia mwaka jana.

Mwanamke anasimulia kwamba alipata malaria, akameza vidonge vya kituo cha afya siku 3. Siku ya 10 akajipima: mistari miwili. Akaanza kunywa maji ya majani ya mpapai. Wiki 6 baadaye, mstari mmoja tu. «Vidonge vyao havina nguvu tena, majani yameniponya!» Chini kuna picha za vipimo vyote viwili.

Picha ndizo zilizoniteka. Mama mdogo naye aliniamini mimi. Alikuwa na malaria, amemeza dozi 2 kati ya 6 za vidonge vya artemeta-lumefantrini; zilizobaki akaziweka kando, akachemsha majani. Siku ya 4 tulimpakia kwenye pikipiki, nikakaa nyuma kumshikilia, kichwa chake kikichoma bega langu kama jiko. Alipona, Mungu asifiwe, lakini hadi leo hafungui ninachotuma, na hilo linaniuma.

Infirmiye aliyempokea alisoma ile posti, akaniuliza kipimo hicho kinatafuta nini. Nikajibu, malaria. Akatikisa kichwa. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia huku vinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kijidudu cha malaria, Plasmodium falciparum, huiacha damuni. Dawa ikishaua vijidudu, protini hubaki ikizunguka, mara nyingi wiki kadhaa, kisha huisha yenyewe. Kwa hiyo mistari miwili siku ya 10 haithibitishi kwamba vidonge vimeshindwa, na mstari mmoja wiki ya 6 hauthibitishi kwamba majani yameponya. Hata angekunywa maji matupu, picha ingeweza kuwa hiyo hiyo.

Ndugu zangu, picha inaweza kuwa ya kweli na maneno yaliyo juu yake yakawa ya uongo! Someni tarehe kabla ya kusoma sifa. Muulizeni mwandishi: homa ilikata lini, kabla ya majani au baada? Mbona hataji homa hata mara moja? Alipimwa kwa darubini, ambako mpimaji huona vijidudu vyenyewe? Sisemi vidonge havishindwi kamwe. Vipo vya bandia, na wapo wanaotapika dozi. Homa ikiendelea baada ya siku 3, rudi kituoni upimwe kwa darubini. Swali hilo kipimo cha mistari hakiwezi kulijibu.

Mama mdogo alianza upya, akamaliza dozi zote 6. Wiki 2 baadaye homa haikuwepo, naye alikuwa amesharudi sokoni. Tulimpima kwa njia zote mbili: kipimo cha haraka kilionyesha mistari miwili, na kwenye darubini hakikuonekana kijidudu hata kimoja.