VLOOKUP: acha kuhesabu safu, itaje kwa jina

Kwenye orodha za bei ninazozitunza, namba ya safu ndani ya VLOOKUP nimeipiga marufuku. Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Shiti ya Bei ina Msimbo, Bidhaa, Kipimo, Bei ya jumla, Bei ya rejareja na Stoo, kuanzia A hadi F. Kwenye ankara, wengi huandika hivi:

```
=VLOOKUP($A2,Bei!$A$1:$F$200,4,FALSE)
```

Siku moja mwenye duka anaingiza safu ya Bei ya kununua kabla ya Bei ya jumla. Excel yenyewe inapanua eneo la jedwali hadi G, lakini ile 4 inabaki 4. Saruji iliyonunuliwa kwa 15,000 na kuuzwa jumla kwa 16,000 sasa inatoka kwenye ankara kwa 15,000. Hakuna kosa linalotokea kwenye skrini, na bei yenyewe haishangazi mtu. Hapo ndipo hasara inapopita kimyakimya.

Mwachie MATCH kazi ya kuitafuta safu. Seli C1 ya ankara iwe na maneno Bei ya jumla, kisha C2 uandike:

```
=VLOOKUP($A2,Bei!$A$1:$F$200,MATCH(C$1,Bei!$A$1:$F$1,0),FALSE)
```

MATCH inasoma vichwa na kurudisha 4. Safu mpya ikiingia, inarudisha 5. Alama za dola zimewekwa kwa makusudi: ukiburuta fomula kulia au chini, msimbo unabaki safu A na kichwa kinabaki mstari wa 1.

Eneo la MATCH lazima lianzie safu ileile linapoanzia jedwali. Ukianzia B1 utapata 3 badala ya 4, na kwenye bei litatokea neno "mfuko". Ile 0 ya mwisho nayo usiiache. Bila hiyo, Excel huchukulia kwamba vichwa vimepangwa kwa alfabeti, na inaweza kukupa safu isiyo yake bila kukuonya.

Ukiona #N/A, kwanza jua imetoka wapi. Andika MATCH peke yake kwenye seli tupu. Ikileta namba, tatizo ni msimbo wa bidhaa. Ikileta #N/A, tatizo ni kichwa, na mara nyingi ni nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno. Herufi kubwa na ndogo haziisumbui MATCH. Vichwa viwili vyenye jina moja vinasumbua, kwa kuwa huchukuliwa cha kwanza tu.

Mimi kichwa cha C1 sikiandiki kwa mkono. Naingia Data Validation, nachagua List, na kwenye Source naweka:

```
=Bei!$D$1:$E$1
```

Mteja wa rejareja akija, karani anachagua Bei ya rejareja pale juu na bei zote za ankara zinabadilika.