Hisa za ofa ya kampuni changa: zihesabu hivi

"Nimeahidiwa haki ya kununua hisa 20,000 kwa senti 50 za dola kila moja, zinaiva kwa miaka minne. Nikubali mshahara mdogo kwa ajili yake?"

Ndugu, waulize kwanza hisa zote za kampuni ni ngapi. Zikiwa milioni 10, fungu lako ni asilimia 0.2.

Kwa kawaida hupati kitu hadi utimize miezi 12. Hapo zinaiva 5,000 kwa mkupuo, yaani unapata haki ya kuzinunua, kisha kama 417 kila mwezi. Ukiondoka baada ya miezi 11, huna chako.

Tuseme wawekezaji wa mwisho walilipa dola 2 kwa hisa. Kwenye karatasi faida yako ni dola 1.50 mara 20,000, yaani 30,000. Mimi nisingeihesabu kama mshahara: kampuni ikiuzwa, wawekezaji kwa kawaida hurudishiwa fedha zao kwanza, na bei ikiwa ndogo wenye hisa za kawaida kama wewe hukosa kabisa.

Soma pia kipengele cha kuondoka. Mara nyingi unapewa siku 90 tu za kununua zilizoiva. Ukiacha kazi baada ya miaka miwili, hizo ni hisa 10,000, yaani dola 5,000 kutoka mfukoni, kwa hisa ambazo huenda huna pa kuziuza. Omba muda huo urefushwe kabla hujasaini, na umwone mshauri wa kodi kabla ya kununua.