Kuvua miwani kwenye picha: fremu ikishaondoka, kazi ndiyo kwanza inaanza

Anayeanza kazi ya kurekebisha picha akiambiwa aondoe miwani, hukimbilia fremu. Anaifuta nusu saa, kisha anaangalia uso na kuona kuna kitu hakijakaa sawa, ila hajui ni nini. Mara nyingi fremu kaifuta vizuri tu. Alichokiacha ni vitu vitatu ambavyo miwani iliuachia uso: kivuli chake, macho yaliyopunguzwa au kukuzwa na lenzi, na mwamba wa pua uliopoteza umbo.

Hapa tutashika mfano mmoja. Mtu anatazama kamera moja kwa moja, mwanga unatoka kushoto kwa picha na juu kidogo, fremu ni nyeusi na nene, lenzi ni za mtu asiyeona mbali. Kila lenzi ina upana wa pikseli 400 hivi na fremu ina unene wa pikseli 25. Programu ni Photoshop. Kabla ya yote, uliza kama ipo picha nyingine ya mtu huyohuyo bila miwani, katika mwanga uleule. Ikiwepo, kata eneo la macho kutoka huko ulipachike, na sehemu kubwa ya maelezo haya hutaihitaji. Tuchukulie haipo.

Anza na lenzi, usianze na fremu. Lenzi ya mtu asiyeona mbali hupunguza kila kilicho nyuma yake, na kadiri kitu kilivyo mbali na lenzi ndivyo kinavyopungua zaidi. Lenzi yenye nguvu ya -4 hulipunguza jicho kwa asilimia 5 au 6 hivi. Ukingo wa uso kule kwenye panja, ambao uko nyuma zaidi, husogea ndani kuliko hapo. Ndiyo maana ukitazama ndani ya lenzi utaona mstari wa shavu umekatika: chini ya fremu uko mahali pake, ndani ya lenzi umeingia upande wa pua, juu ya fremu umerudi mahali pake. Fremu ikiondolewa bila kurekebisha hilo, uso unabaki na pengo kama umeng'atwa pembeni, na macho yanaonekana madogo kuliko uso wenyewe. Kwa lenzi za kusomea hali ni kinyume, macho huonekana makubwa.

Chagua eneo lote la ndani ya lenzi moja, ukifuata ukingo wa ndani wa fremu, kisha bonyeza Ctrl+J ili lipate leya yake. Fungua Free Transform, washa Reference Point kwenye upau wa juu kama kile kituo cha kuzungushia hakionekani, kihamishe ukiweke katikati ya mboni, halafu andika 105% kwenye W na H. Kuweka kituo kwenye mboni kuna maana yake: mtu anapotazama mbele, mboni huwa karibu na kitovu cha lenzi, mahali ambapo picha haihami sana. Ukikuza kutoka katikati ya kisanduku, macho yatasogeleana au kuachana, na hata mama yake mtu huyo atashangaa. Kwa upana wa pikseli 400, asilimia 5 inaongeza pikseli 10 kila upande, na fremu ina 25. Kwa hiyo kingo zote za kipande ulichokikuza zinaishia juu ya fremu, ambayo utaifuta baadaye. Hii ndiyo sababu ya kuanza na lenzi wakati fremu bado ipo, kwani inakufichia mishono. Rudia upande wa pili.

Huo mstari wa shavu hautarekebishika kwa 105%, kwa kuwa ulihama zaidi ya jicho. Usijaribu kuukuza hadi ulingane, utaharibu jicho. Uchore upya: unganisha sehemu ya juu na ya chini ya mstari kwa Pen Tool, geuza njia hiyo kuwa eneo lililochaguliwa, kisha jaza ngozi kutoka kwenye panja kwa Clone Stamp.

Kabla hujashika fremu, shughulikia kivuli chake, kwa sababu utahitaji ngozi safi ya kunakili. Kivuli cha fremu hutambulika kwa ukingo wake: unafuata umbo la fremu na upande mmoja una mkato unaoonekana. Kivuli cha asili cha chini ya jicho hufifia polepole na hakifuati kitu. Ukivichanganya ukavifuta vyote viwili, mtu anakuwa na macho yaliyobandikwa kwenye ukuta. Weka leya ya Curves, inua katikati ya mstari mpaka kivuli kilingane na ngozi ya jirani, jaza maski yake rangi nyeusi, kisha paka nyeupe juu ya kivuli tu. Ulaini wa brashi ulingane na ulaini wa ukingo wa kivuli. Brashi laini mno huacha mstari mweusi ndani ya ukingo wa kivuli na pete nyeupe nje yake. Ngozi iliyoinuliwa hivyo mara nyingi hubadilika rangi kidogo, ikawa nyekundu au ya kijivu. Rekebisha hilo ndani ya Curves ileile kwa chaneli ya Red au Blue, kidogo sana.

Sasa fremu. Fungua leya tupu, chagua Clone Stamp, na kwenye Sample weka Current & Below. Usianze na Healing Brush. Zana hiyo huchukua ngozi ya chanzo lakini huipa rangi ya mahali unapopaka, na mahali unapopaka kuna fremu nyeusi. Matokeo yake ni ukungu wa kijivu unaokufuata kila unapokwenda. Funika weusi wote kwanza kwa Clone Stamp yenye Hardness ya 50% hivi, hata kama rangi haijalingana sawasawa, ndipo Healing Brush ipite kusafisha. Ukingo wa chini wa fremu hunakiliwa kutoka kwenye ngozi iliyo pikseli 30 au 40 chini yake, si kutoka katikati ya shavu, kwa maana ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba na mikunjo yake ni midogo. Mikono ya miwani kwenye panja ni rahisi, ila angalia nywele zilizobonyezwa na mkono wa miwani. Zikibaki na ule mbonyeo, atakayetazama atajua.

Ukingo wa juu ukipita kwenye nyusi, nyusi zijengwe kwa nywele za nyusi hizohizo. Nywele zilizo karibu na pua huelekea juu, za katikati hulala kuelekea nje, za mwisho huteremka. Kwenye dirisha la Clone Source zungusha chanzo nyuzi chache hadi mwelekeo ukubaliane, kisha malizia nywele mbili tatu kwa brashi ya pikseli 2.

Tuje kwenye pua, ambako kazi nyingi huharibika. Sehemu ya miwani inayovuka pua huwa imekaa karibu na lile bonde lililo kati ya paji na pua, na ndilo linaloonyesha kwamba pua ina kina. Atakayenakili ngozi ya paji na kuishusha hadi puani anapata bomba bapa. Atakayevuta mstari wa mwanga bila kuukata kutoka paji hadi ncha ya pua anapata sanamu. Kwenye uso halisi mwanga wa paji hufifia unapoingia bondeni, kwa kuwa ngozi pale imeinama na haitazami mwanga, kisha huanza upya chini yake, mwembamba kwanza, ukipanuka kidogo kuelekea ncha.

Kwa hiyo jenga rangi kwanza, ngozi baadaye. Funika fremu kwa Clone Stamp bila kujali umbo. Kwenye leya mpya, chukua brashi laini yenye ukubwa wa nusu ya upana wa pua, Opacity 10 hadi 15. Shika Alt uonje rangi kutoka kwenye picha yenyewe, na uwe na tatu tu: ya mgongo wa pua chini ya pale fremu ilipokuwa, ya ubavu wa kushoto unaopokea mwanga, na ya ubavu wa kulia ulio kivulini. Paka mgongo, kisha mbavu, ukiacha bonde liwe jeusi kuliko paji na kuliko mgongo wa chini. Ubavu wa kulia unapokaribia pembe ya ndani ya jicho, ongeza giza, kwani hapo ngozi inazama. Kwa mwanga wa kushoto, mpaka kati ya mgongo na ubavu wa kulia ni mkali kuliko ule wa kushoto. Wengi hulainisha pande zote sawasawa, na pua inavimba.

Sasa eneo lina umbo lakini ni laini kama plastiki. Hapa Healing Brush inafaa, kwa sababu ileile iliyokukwamisha mwanzo: itaacha rangi ulizopaka na kuleta vitundu vya ngozi juu yake. Chanzo kiwe pua yenyewe, chini kidogo. Usionje sehemu moja zaidi ya mara mbili, maana kitundu kilekile kikijirudia macho hukidaka. Kumbuka pia vile vipedi viwili vya miwani vilivyokaa pande za pua. Vinaacha mbonyeo na doa jekundu au jeusi. Kipedi kikiondoka na mbonyeo ukabaki, utaona pua ina alama mbili zisizo na sababu.

Mng'aro kwenye lenzi ukiwa hafifu, Curves yenye maski inatosha kurudisha weusi uliopotea, na ile rangi ya kijani ya lenzi unaipunguza kwenye chaneli ya Green. Mng'aro ukifunika jicho moja, azima la pili, ligeuze kwa Flip Horizontal, halafu sogeza nukta ya mwanga kwenye mboni irudi upande wa kushoto, la sivyo mtu atakuwa na taa mbili. Yakifunikwa yote mawili, au lenzi zikiwa nyeusi kabisa, hakuna cha kurudisha: utabuni macho ya mtu mwingine, na mteja aambiwe hivyo mapema. Na kama picha ni ya pasipoti, mwambie akapige upya.

Kwa ukaguzi, weka juu ya yote leya ya Black & White na Curves yenye mteremko mkali. Viraka ambavyo mwanga au giza lake halilingani na ngozi ya jirani hutokea mara moja. Zifiche, geuza picha nzima kushoto kulia, ipunguze hadi 25% na uangalie pua kwanza. Mwisho, kama maeneo uliyopaka ni laini kuliko picha, ongeza leya ya kijivu cha 50% yenye Overlay, ipe Add Noise ya Gaussian, Monochromatic, kati ya 2% na 4%, na maski iiache mahali ulipopaka tu. Linganisha kwa 100%, kwa sababu kwenye ukubwa mwingine chembe hazionekani kama zilivyo.