Choo chenye punje za mahindi: kwa nini mwanangu hakuhitaji dawa

Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi sita alianza kuharisha, na hakuacha. Haikuwa ile ya siku mbili inayokuja na homa na kutapika. Alikuwa mzima kabisa, anakimbia na kupanda makochi, ila kila nikifungua nepi nakuta choo cha majimaji chenye chakula kama kilivyoingia. Tukila kande jioni, kesho yake naziona punje za mahindi na maganda ya maharage. Nikimpa wali wa njegere, njegere zinatoka na rangi yake ya kijani. Karoti ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu vipande vilitoka vyekundu vile vile, mtu unaweza kusema havijapita tumboni.

Nilijiambia mtoto hasagi chakula. Kama kinatoka kizima, basi hakimjengi. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nizunguke maduka ya dawa kwa wiki saba.

Duka la kwanza walinipa Flajili ya maji, siku tano. Mtoto alikuwa anaitema, na akiimeza anakataa chakula kwa saa kadhaa, maana ladha yake ya chuma hukaa mdomoni. Choo kikabaki vile vile. Duka la pili wakanipa Septrini. Choo kikazidi kuwa chepesi. Maabara moja ya mtaani wakapima choo wakaandika "vijidudu vya ameba", nikarudishwa kwenye Flajili. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ameba anayeleta ugonjwa na ndugu yake asiye na madhara hufanana chini ya hadubini. Jibu kama hilo, kwa mtoto asiye na damu kwenye choo wala homa, halitoshi kumfungulia chupa ya dawa.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alitaka tumwangalie fizi. "Mwanangu, hayo yatakuwa meno ya plastiki, yang'olewe." Nilikataa kwa heshima na nitaendelea kukataa. Yale yanayoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya kawaida ambavyo havijatokeza. Kuving'oa kwa kisu au spoku kunaleta damu na maambukizi, na wapo watoto waliopoteza maisha kwa jambo hilo.

Huku dawa zikiendelea, mimi nyumbani nilikuwa nabadilisha chakula. Nikaondoa maziwa, nikaondoa nazi na mafuta kwa kuamini mafuta yanaharisha, nikaondoa maharage. Akabaki na uji mwepesi wa sembe na wali mkavu. Na kwa kuwa niliogopa asiishiwe maji mwilini, nikawa namnywesha juisi. Boksi moja la matufaha asubuhi, moja mchana, na ya embe jioni niliyosaga mwenyewe. Kila akiharisha namwongezea.

Daktari wa watoto aliyetuona mwishowe hakuanza na tumbo. Aliomba kadi ya kliniki. Akaikunjua mezani, akachukua kalamu, akawa ananisomea uzito wa mwanangu kama anasoma barua. Mwaka mmoja, kilo 9.5. Miezi 15, kilo 10.2. Miezi 18, kilo 10.8. Nukta zote zilikuwa kwenye eneo la kijani, zikipanda sambamba na mstari uliochapwa. Kisha akagusa nukta ya miezi 19, kilo 10.9, akaniuliza, "Mama, mwezi huu mlifanya nini?" Nikahesabu. Ulikuwa mwezi wa Flajili mara mbili na uji mtupu. Katika kadi nzima ndio mwezi pekee ambao mstari ulikaribia kulala, na haukulazwa na kuharisha. Tulimpunguzia chakula sisi wenyewe.

Halafu akaniuliza maswali, nami nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yanayotenganisha tatizo hili na ugonjwa wa kweli. Anaharisha usiku akiwa amelala? Hapana, kinaanza akiamka, tena choo cha kwanza huwa kizito kidogo, kisha vya baadaye vinazidi kuwa vyepesi. Kuna damu au makamasi? Hapana. Analia tumbo, anatapika, ana homa? Hapana. Choo kinang'aa mafuta, kinanuka kupita kawaida, tumbo limevimba? Hapana. Akamlaza, akamminya tumbo, akatazama macho, midomo na ngozi ya makalio. Makalio yalikuwa yamejaa. Mtoto asiyefyonza chakula, alisema, huanza kulegea hapo, ngozi ikafanya mikunjo.

Akaniambia hii ni hali inayojulikana. Huwapata watoto kati ya miezi 6 na miaka 5, wanaopata choo laini kikubwa mara nne au zaidi kwa siku kwa zaidi ya wiki nne, bila maumivu, huku wakikua vizuri. Utumbo si mgonjwa. Chakula kinapita kwa haraka kuliko kwa mtu mzima, na utumbo mpana haupati muda wa kunyonya maji yote.

Nikamuuliza kuhusu punje. Hapo ndipo aliponitoa woga. Ganda la hindi na la haragwe limejengwa kwa nyuzi ambazo tumbo la binadamu yeyote haliwezi kuziyeyusha. Mtu mzima anazivunja kwa meno. Mtoto wa mwaka na nusu ana magego ya kwanza tu, mengine ya nyuma huja karibu na miaka miwili au zaidi, kwa hiyo njegere nyingi anazimeza nzima. Tulichokiona kwenye nepi, alisema, mara nyingi ni ganda. Nilipofika nyumbani nilihakikisha. Nilichukua punje moja ya hindi kwa kijiti, nikaisuuza na kuibonyeza. Ilikuwa bapa, tupu ndani, ngozi peke yake. Unga wake ulikuwa umeshabaki mwilini mwa mtoto. Kwa wiki saba nilikuwa naliona ganda nikidhani ni chakula.

Kisha akaniuliza mtoto anakunywa nini tangu asubuhi hadi usiku. Nilipotaja juisi akaweka kalamu chini. Juisi ya matufaha ina sukari mbili, fruktosi na sobitoli, ambazo utumbo mdogo wa mtoto haunyonyi zote. Zinazobaki huvuta maji na kuyaingiza ndani ya utumbo, na choo kinakuwa maji. Embe nalo lina fruktosi nyingi. Kwa hiyo kinywaji nilichompa kufidia kuharisha ndicho kilichokuwa kinamharisha. Mafuta niliyoyaondoa, kwa upande mwingine, ndiyo yanayokipunguzia chakula mwendo tumboni. Chakula kisicho na mafuta hupita mbio.

Hakuandika dawa hata moja, na nilipoona nainuka bila karatasi niliumia, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimelipa nauli na ada ya kumwona. Nikamwomba angalau ya kufunga choo. Akakaa chini tena, akanieleza bila haraka. Dawa ya kuua vijidudu haina cha kuua hapa, na inawaua bakteria wazuri wa utumbo, jambo linaloweza kuleta kuharisha kwa kweli, kama ilivyotokea na Septrini. Dawa za kufunga choo kama loperamidi ni hatari kwa mtoto mdogo, zinaweza kuusimamisha utumbo kabisa, tumbo likavimba. Na hata kama zingekuwa salama, zingetibu nini, wakati mtoto anakua?

Alichonipa ni haya. Juisi zote na soda viondoke kwa wiki mbili, anywe maji na maziwa, na maji ayanywe kwa kiu, si kwa kushurutishwa. Matunda ale yenyewe, ndizi au kipande cha papai, yasiminywe. Maziwa yawe yenye mafuta yake. Chakula cha familia kirudi chote pamoja na mafuta: mchuzi wa nazi, karanga zilizosagwa ndani ya uji, parachichi, kijiko cha mafuta kwenye mboga. Maharage yarudi, nikiweza niyaponde. Na apimwe uzito kila mwezi kwenye mzani ule ule wa kliniki.

Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Siku ya nane au ya tisa choo kikashuka kutoka mara sita hadi mara tatu, na kikaanza kuwa kama uji mzito. Punje za mahindi ziliendelea kutoka, nikaziacha zitoke. Mwezi wa 20 alipima kilo 11.3. Sitaki kumdanganya mtu kwamba iliisha hapo. Ilikuwa inarudi, hasa baada ya sherehe ambako kila mtu anampa juisi, na ilikoma yenyewe alipokaribia miaka mitatu na nusu. Watoto wengi hupona bila kitu chochote kabla ya kuanza shule, hata ambao lishe haikuwabadilishia sana.

Sasa jambo ambalo naomba lisomwe kwa makini. Utulivu wangu ulikuja baada ya mtoto kuangaliwa. Usiutoe kwenye makala hii ukauweka nyumbani kwako bila kumpeleka mtoto kituoni. Kuharisha kunakozidi siku 14 lazima mhudumu wa afya amwone mtoto na kadi yake, kwa sababu huku kwetu wapo watoto ambao kuharisha kwa muda mrefu ni vijidudu vya giadia, utapiamlo au VVU, na hao wanahitaji matibabu. Kama uzito umesimama au umeshuka, kama kuna damu, homa, kutapika, choo cha usiku kinachomwamsha, tumbo lililovimba, au macho yameingia ndani na mtoto hawezi kunywa, hiyo si hali ninayoieleza. Nenda siku hiyo hiyo. Vilevile akianza ghafla kuharisha maji maji, hilo ni jambo jingine, anahitaji ORS na zinki kama kliniki wanavyofundisha, hata kama ni mtoto yule yule mwenye choo cha punje.

Mama mmoja jirani alinigongea mwezi uliopita na nepi mkononi, ameifunga kwenye mfuko mweusi. Alitaka nione maharage. Nikamwambia, "Mama Zawadi, maharage nimeyaona, sasa kalete kadi." Akaenda kuichukua. Tulikaa kibarazani tukafuata nukta kwa kidole, moja baada ya nyingine, kilo 8.9, 9.3, 9.8, zote zinapanda. Nikamwuliza mtoto anakunywa nini. Akataja juisi ya boksi. Kesho yake walikwenda kliniki na kadi yao, na chupa ya Flajili aliyokuwa ameinunua ikabaki juu ya kabati bila kufunguliwa.