Noti ya trilioni mia moja

Nyinyi mnaoanza kukaa dirishani kwenye maduka ya fedha ya Mji Mkongwe, ipo siku mgeni atawatolea noti ya Zimbabwe ya dola trilioni mia moja. Mimi nilihesabu sifuri zake kwa kidole, kumi na nne, nikakimbia kumwita mkuu wangu. Akacheka: hiyo haibadilishwi, watu wanaiuziana kama pambo.

Noti ile ilitoka Januari 2009. Tangu mwaka 2000 mashamba makubwa ya nchi ile yalichukuliwa, mavuno yakaanguka, kodi na fedha za kigeni zikapungua. Serikali bado ilikuwa na mishahara na madeni ya kulipa, Benki Kuu ikachapa noti. Hivyo ndivyo unavyoanza mfumuko wa kupindukia, yaani bei kupanda mbio hadi noti inakosa thamani.

Lichukulieni kama mnada wa samaki Malindi. Wapo samaki 100, na wanunuzi wote pamoja wana 100,000: kila samaki 1,000. Sasa wape wanunuzi 200,000 huku samaki wamebaki 50. Bei ni 4,000, na hakuna aliyetajirika.

Hapo bado ni kupanda bei tu. Mambo huharibika watu wanapojua kwamba kesho zitachapwa nyingine. Noti inakuwa kama samaki asiye na barafu, kila mtu anataka imtoke mkononi kabla ya jua kali. Mshahara ukiingia asubuhi, mchana umeshakuwa unga na mafuta. Bei basi zinapanda kuliko hata noti zinavyochapwa, na kodi iliyokadiriwa mwezi uliopita haitoshi kitu, kwa hiyo serikali inachapa tena.

Wachumi wengi huanza kuuita mfumuko wa kupindukia bei zinapopanda asilimia 50 kwa mwezi. Inasikika si kubwa sana. Fanyeni hesabu: kikoba kina 1,000,000 sandukuni. Kila mwezi bei inazidishwa mara 1.5, baada ya miezi 12 imefika karibu mara 130. Milioni ile sasa inanunua kile ambacho zamani kilinunuliwa kwa 7,700 hivi. Ingekuwa benki, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ingefika kama 8,500. Aliyekopa kwenye kikoba ndiye anayecheka, maana analipa deni kwa makaratasi.

Zimbabwe walikata sifuri kwenye fedha yao mara tatu, 2006, 2008 na 2009. Dola ile ilipofutwa rasmi mwaka 2015, mwenye akaunti yenye salio la hadi 175 ikifuatiwa na sifuri kumi na tano alipewa dola 5 za Kimarekani.

Vitunguu vikipanda Ramadhani msiseme ndiyo mfumuko huo, ni msimu. Wala hoteli za Nungwi zilipokuwa zikitaja bei kwa dola, kabla ya 2025, haikuwa dalili, ulikuwa utalii. Mimi humtazama muuza mchicha wa Darajani. Siku atakayokataa shilingi na kutaka alipwe mchele, hapo nitashtuka.