Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi

Niliwahi kurekodi mhadhara wa saa mbili kwa kinasa sauti nilichokiweka mezani kwangu, mita 6 kutoka kwa mhadhiri. Ukumbi ulikuwa sakafu ya vigae na kuta tupu. Ukipiga kofi, sauti ilikaa zaidi ya sekunde nzima kabla ya kufa. Nyumbani nikasikia kama mtu anaongea ndani ya pipa.

Kwanza nikajaribu kifaa cha kupunguza kelele, kosa wanalofanya wengi. Kifaa hicho hujifunza kelele isiyobadilika, kama mngurumo wa feni. Mwangwi ni sauti ileile ya mhadhiri inayorudi imechelewa, kwa hiyo hubadilika kila anapobadili silabi. Baadaye nikatumia programu ya kuondoa mwangwi, nikapandisha kipimo mpaka mwisho. Chumba kilipotea kweli, lakini sauti ikawa kama ya mtu aliyezama majini.

Kuna sehemu moja alisema "shinikizo lisipopungua". Irabu ya silabi ya kwanza ilikuwa bado inavuma ukumbini wakati "s" ile dhaifu inafika, ikaifunika. Programu nayo, ilipokuwa ikifuta mkia wa irabu, iling'oa na "s" yenyewe. Nikasikia "lilipopungua", maana ikawa kinyume kabisa. Ilibidi nimuulize mwenyewe.

Siku hizi naishia karibu nusu ya kipimo. Kisha naikagua hivi: natengeneza nakala ya rekodi ya awali, nageuza mawimbi yake juu chini kwa `Invert` kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity, naicheza pamoja na ile iliyosafishwa, zote zikiwa zimeanza nukta moja na kwa kiwango kilekile cha sauti. Kinachobaki ni kile kilichoondolewa. Nikisikia uvumi tu, sawa. Nikisikia maneno yanayoeleweka, nimekata kupita kiasi, narudi nyuma. Kompresa, yaani kichujio cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, naiweka baada ya hapo, tena kidogo, kwa sababu hunyanyua sauti ndogo, na mkia wa mwangwi ni mojawapo.

Hata hivyo, rekodi ya mita 6 haikuwahi kuwa nzuri, ilisikilizika tu. Mbali vile, mwangwi unaizidi nguvu sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja, na programu inabaki kukisia. Ukisogeza maikrofoni nusu ya umbali, sauti ya moja kwa moja hupanda takribani desibeli 6 huku mwangwi ukibaki karibu palepale. Kutoka mita 6 hadi sentimita 20 ni karibu desibeli 30, na sijaona programu ya kunipa hizo.

Mhadhara uliofuata nilimwomba mhadhiri abane maikrofoni ndogo kwenye ukosi, iliyounganishwa na simu yake mfukoni. Ukumbi uleule, na sikuhitaji kuondoa mwangwi, isipokuwa kwenye maswali ya wanafunzi waliokaa nyuma.